Bestimeni na matroni kwa mara ya kwanza: maswali ya wasimamizi wa harusi Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukishapita na wakulima wakishalipwa, harusi hufuatana huku kwetu, na kila harusi ina watu wawili walioombwa kusimama bila kuambiwa wanasimama kufanya nini. Wengi huambiwa "vaa upendeze, uwahi", basi. Majibu haya yanafuata harusi moja ya mfano: ndoa ya Kikatoliki Mtwara mjini, misa saa 8 mchana, bibi harusi ametoka Lindi, na sherehe ni jioni ukumbini. Palipo na tofauti kwa Waislamu nimesema. Wa madhehebu mengine mtaona kwamba sehemu kubwa inawahusu vilevile.

Nimeombwa kusimamia. Nianze na nini?

Anza na paroko, kabla ya fundi wa suti. Sheria ya Kanisa inadai ndoa ifungwe mbele ya mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili, na mashahidi wenyewe ndio ninyi. Lakini parokia nyingi huenda mbali zaidi: hutaka wasimamizi wawe mume na mke waliofunga ndoa kanisani, au angalau watu wazima wenye kushiriki sakramenti. Kuna watu wameshashona nguo, wakaja kujua wiki ya harusi kwamba hawakubaliki. Bwana harusi akikwambia "usijali, padri ni mtu wetu", mwambie kwa upole, "Sawa kaka, ila twende tukamwone pamoja." Mkiwa hapo, ulizeni pia mazoezi ni lini na kama mnatakiwa kuungama kabla ya misa.

Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka angalau mashahidi wawili, kila mmoja awe ametimiza miaka 18 na aelewe kinachofanyika. Shahidi aliyelewa hafai. Kwa hiyo yule mdogo wa bibi harusi wa kidato cha pili anaweza kubeba maua na kutembea mbele, lakini kusaini hapana.

Kwenye harusi ya Kiislamu kazi ni ileile?

Si ileile, na hapa ndipo wengi huchanganya. Kwenye nikahi anayeozesha ni walii wa binti au aliyempa uwakala, na mashahidi ni wanaume wawili Waislamu, watu wazima waaminifu, ambao mara nyingi huteuliwa na wazee palepale. Wewe kukaa ubavuni mwa bwana harusi hakukufanyi shahidi. Kazi yako ni kumfikisha mapema, kuhakikisha mahari ipo ikiwa imepangwa kutolewa siku hiyo, na kuwa na noti ndogondogo mfukoni. Hizo noti ni za mlangoni. Baada ya nikahi bwana harusi anapopelekwa chumbani kumpa mkono mkewe, shangazi na mawifi huuzuia mlango, hawatoki mpaka watoe kicheko na wapewe chochote. Mwenye noti moja kubwa tu huumia, maana hakuna anayerudisha chenji pale.

Kwa upande wa bibi harusi, aliye karibu naye ni somo wake au kungwi, na matroni asijaribu kuchukua nafasi hiyo. Msaidie bibi harusi nguo, mbebee simu, mengine mwachie somo.

Siku yenyewe tuamke saa ngapi?

Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa ya misa. Tufanye kwa harusi yetu ya mfano.

Misa ni saa 8:00. Bibi harusi awe mlangoni mwa kanisa saa 7:45, kwa hiyo gari liondoke saluni saa 7:20 hata kama saluni haiko mbali, kwa sababu gari lililopambwa huenda polepole na kupanda na gauni peke yake ni dakika kadhaa. Kuvaa gauni, shela na viatu ni karibu dakika 50, basi aanze kuvaa saa 6:30. Mpiga picha anataka nusu saa ya pete, viatu na picha za kujiandaa: saa 6:00. Uso, saa moja na nusu: aanze saa 4:30. Nywele, saa mbili: akae kwenye kiti saa 2:30 asubuhi. Hapo hajala. Maana yake matroni ameshamwamsha saa 12 na nusu, ameshamnywesha uji, na amefika naye saluni kabla fundi hajaanza kumtengeneza mtu mwingine.

Mnaona kwamba hakuna nafasi ya kusafiri ndani ya hesabu hiyo. Lindi hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 100, na pancha moja Mingoyo inaiua ratiba nzima. Bibi harusi wa Lindi alale Mtwara usiku wa kuamkia harusi, na matroni alale naye nyumba moja. Vivyo hivyo kwa bwana harusi anayetoka Masasi au Newala. Familia zikibisha kwa sababu ya gharama ya kulala, hapo ndipo matroni aseme neno mapema, kwenye kikao, si siku ya mwisho.

Jambo moja zaidi kuhusu saluni: wapambe wasitengenezwe na fundi mmoja na bibi harusi. Kila mpambe mmoja anayeingizwa katikati "kidogo tu" ni nusu saa inayopotea, na anayedaiwa nusu hiyo ni bibi harusi.

Bestimeni hufanya nini asubuhi hiyo?

Anamlisha bwana harusi, anamvisha, anachukua simu yake. La simu ni kubwa kuliko linavyoonekana. Asubuhi ya harusi mjomba amepotea njia Chuno, mpishi anataka hela ya mkaa, na michango ya mwisho inaingia. Bwana harusi akizipokea zote, atafika kanisani amechoka na jasho limeshalowanisha shati. Pokea wewe, andika kwenye karatasi, yapeleke kwa mwenyekiti wa kamati. Ila namba ya siri ya pesa usiombe, na ukipewa usikubali. Ikipungua shilingi baadaye, jina lako ndilo litatajwa.

Saa 7:30 bwana harusi awe ameshakaa kanisani. Bibi harusi hamsubiri mume nje ya kanisa.

Pete zinakaa wapi, na zinatolewa lini?

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo dakika ambayo macho yote yako kwako.

Pete zikabidhiwe kwako siku moja kabla, mbele ya bwana harusi, na mzijaribishe vidoleni. Angalia majina au tarehe zilizochongwa ndani ujue ipi ni ya nani. Siku ya harusi ziweke mfuko wa ndani wa koti, zikiwa kwenye kiboksi chake, na mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote. Wapo wanaopenda mtoto abebe pete kwenye mto mdogo. Inapendeza, lakini za mtoto ziwe za kuigiza zilizoshonewa kwenye mto, na za kweli zikae kwako.

Baada ya mahubiri padri huwaita mbele. Huwauliza maharusi maswali, kisha wanashikana mikono ya kuume na kutamka ridhaa. Hapo matroni ameshapokea shada la maua kutoka mkononi mwa bibi harusi, maana mtu hawezi kushika mkono wa mwenzake na maua kwa pamoja. Ridhaa ikishapokelewa ndipo padri anageukia pete ili azibariki. Fungua kiboksi kabla hajakunyoshea mkono, weka pete zote mbili kwenye kisahani, pete ya bibi harusi ikiwa upande wa bwana harusi, kwa sababu yeye ndiye anayeanza kuvisha. Halafu rudi nyuma hatua moja. Usibaki katikati ya maharusi na mpiga picha.

Kama bibi harusi anavaa pete ya uchumba, matroni aihamishie mkono wa kulia wakiwa bado saluni. Kama ana glovu, ya kushoto ivuliwe maharusi wanapoitwa mbele, si pete ikiwa hewani.

Kisha joto la pwani. Mtu aliyekaa kwenye gari bila feni, amevaa tabaka nne za nguo mwezi wa kumi na mbili, vidole vyake huvimba. Dalili utaiona mapema: pete ya uchumba inabana, au alama ya mstari inabaki kidoleni. Mwambie ashushe na kupandisha mikono, ashike chupa ya maji baridi njiani, na matroni awe na mafuta kidogo ya mgando kwenye kikopo. Pete ikigoma kwenye fundo la kidole mbele ya altare, bwana harusi asisukume kwa nguvu. Aizungushe taratibu huku akiivuta ngozi ya kidole nyuma. Ikishindikana kabisa, aiache pale ilipofika na bibi harusi aimalizie akiwa amekaa. Ndoa imefungwa kwa ridhaa waliyotamka, haiharibiki kwa pete iliyoishia nusu ya kidole. Bestimeni akilijua hilo hatahangaika, na bwana harusi akikuona umetulia naye atatulia.

Gauni na shela: matroni ashughulikeje?

Mkia wa gauni haupangwi kwa kuvuta. Chuchumaa nyuma, shika pembe mbili za mwisho, inua hadi usawa wa magoti, utikise mara moja ili hewa iingie chini, kisha uache utue wenyewe. Fanya hivyo mlangoni mwa kanisa, mbele ya altare, na kila mara anapogeuka. Akitaka kukaa, inua sehemu ya nyuma kabla hajakunja magoti, hasa gauni lenye ringi, la sivyo ringi itaruka mbele na kuinua gauni lote.

Shela ishikwe na pini za nywele zisizopungua nne, na mbili ziwe zimepishana. Upepo wa bahari Shangani hauna huruma na shela iliyoshikwa kwa kichana peke yake. Mwezi wenye mvua, beba kanga mbili kuukuu za kutandika kati ya gari na mlango. Udongo mwekundu wa Newala na Masasi ukiingia kwenye nyeupe hautoki siku hiyo, na ukisugua na maji unauongeza. Uache ukauke, upukute kwa kitambaa kikavu.

Chooni utaenda naye, usione haya. Kunja gauni lote kutoka chini kwenda juu mpaka kiunoni, alikumbatie yeye mwenyewe kwa mbele, wewe shika la nyuma. Kwa sababu hii wengine hukataa kunywa maji tangu asubuhi, na ndio wanaoanguka kanisani. Mpe maji kwa mrija, kidogokidogo, ili rangi ya midomo isiharibike.

Kwenye pochi ya matroni kuwe na nini?

Sindano yenye uzi mweupe tayari tunduni, pini kubwa na ndogo, tishu, pedi, dawa ya maumivu ambayo bibi harusi ameizoea, biskuti, mrija, poda, kandambili za kubadilisha ukumbini. Basi. Pochi ikiwa kubwa sana utaiacha kwenye gari, na kitakachohitajika kitakuwa humo.

Tunasaini nini, na kwa nini niangalie majina?

Mnasaini kwenye kumbukumbu za ndoa za kanisa na kwenye cheti cha ndoa cha serikali. Saini iwe ileile ya kwenye kitambulisho chako, si ile ya haraka.

Kabla ya kuweka kalamu, soma majina ya maharusi herufi kwa herufi. Cheti hiki ndicho watakachopeleka kwenye bima ya afya, kwenye mafao ya kazi, kwenye pasi ya kusafiria, na Mungu apishe mbali, kwenye mirathi. Majina yetu huku yana njia nyingi za kuandikwa: kitambulisho cha Taifa kinaweza kuwa na "Issa" na ubatizo una "Isa", au jina la babu lipo huku na kule halipo. Tofauti ya herufi moja humfanya mtu aanze kutafuta viapo mahakamani miaka kumi baadaye. Njia nzuri ni matroni na bestimeni kuwa na picha za vitambulisho vya maharusi kwenye simu na kulinganisha. Ukiona kosa, mnong'oneze padri au katekista kabla ya mtu yeyote kusaini. Hawakasiriki, wanashukuru, maana kurekebisha baada ya saini ni kazi ndefu kwao pia.

Msiondoke kwenda kupiga picha ufukweni kabla ya hapo. Ulizeni pia cheti kitachukuliwa siku gani na nani.

Ukumbini tunakaa wapi na kazi yetu ni ipi?

Mnakaa meza kuu, matroni upande wa bibi harusi, bestimeni upande wa bwana harusi. Mshereheshaji ndiye anayeongoza, ninyi ndio macho yake kwa maharusi. Kaa naye dakika kumi kabla ya kuingia, mpitie ratiba: mnaingia kwa wimbo gani, keki ni kabla au baada ya chakula, nani analishwa keki kwanza kwa kila upande. Hilo la mwisho limezua kinyongo kwenye familia nyingi. Kama bibi harusi amelelewa na mama mdogo, mshereheshaji lazima ajue, la sivyo ataita "mama mzazi" na mlezi atabaki amekaa.

Hakikisha maharusi wanakula. Wanaitwa picha, wanaitwa kucheza, sahani inaondolewa na wahudumu ikiwa haijaguswa. Agiza sahani zao mbili zifunikwe na kuwekwa pembeni.

Zawadi na bahasha zinashughulikiwaje?

Kwa utaratibu, na kwa maandishi. Watu watakuja wakicheza kwa makundi: ukoo wa baba, ukoo wa mama, wafanyakazi wenzake, jumuiya, majirani. Bahasha zinapita mkononi mwa maharusi na zinaingia kwako mara moja. Uwe na mfuko mmoja wenye zipu, si mifuko ya koti, na kalamu. Bahasha isiyo na jina uliza palepale, "Shikamoo mama, niandike nani?" na uandike juu yake. Kesho yake hakuna atakayekumbuka, na aliyetoa atasubiri shukrani isiyofika.

Bahasha hazifunguliwi ukumbini. Mfuko unakaa miguuni kwa bestimeni mpaka mwisho, na anapokwenda kucheza unashikwa na matroni, sio na "kijana mmoja hapa". Usiku au kesho yake hukabidhiwa maharusi wenyewe, mbele ya mtu mmoja wa kila upande, pamoja na orodha ya vitu vikubwa: kitanda cha kwa wajomba, masufuria ya jumuiya, na kadhalika. Akija ndugu na kusema apewe kidogo alipie jenereta, mwelekeze kwa mweka hazina wa kamati. Deni la kamati halilipwi na bahasha ya maharusi bila wenyewe kusema.

Kina mama wakianza kumfunika bibi harusi kwa kanga na vitenge, mwache afunikwe, ni heshima yake. Ila zikifika tano au sita matroni aanze kuzitoa za chini taratibu na kumkabidhi mpambe. Ukumbi una joto, na uzito ule mabegani si mchezo.

Nitaambiwa niseme neno. Niseme nini?

Dakika mbili. Salimia wazee, jitambulishe na useme unamfahamuje bwana au bibi harusi, shukuru pande zote mbili, taja jambo moja jema ulilolishuhudia mwenyewe, keti. Kwa mfano: "Wazee wangu shikamooni. Mimi ni rafiki yake tangu tukiwa shule Ndanda. Baba yake alipolazwa, huyu bwana alikuwa akitoka kazini anapitia hospitali kila jioni. Shemeji, umepata mtu wa kukaa naye kwenye shida. Wazazi wa pande zote, asanteni kwa malezi." Inatosha kabisa. Habari za wasichana wa zamani usiziguse hata kwa utani.

Na pombe ikiwepo, subiri. Wewe ndiye unayewarudisha nyumbani na mfuko wa bahasha.

Baada ya harusi kazi imekwisha?

Kazi ya nguo imekwisha. Kwa desturi yetu msimamizi hubaki mtu wa kukimbiliwa maharusi wakikwaruzana, ndiyo maana parokia hutaka watu waliokwisha kuishi kwenye ndoa. Mkiitwa, nendeni wote wawili, wasikilizeni pamoja, na ya mmoja msiyabebe kwa mwingine kwa simu. Hamuamui nani mshindi. Mkiona limewazidi, kuna paroko, kuna wazee wa pande zote, na kuna mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yanayotambuliwa na sheria.

Kipigo ni jambo jingine. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Msimamizi hana ruhusa ya kumwambia mwanamke aliyepigwa "vumilia, ndoa ndivyo ilivyo". Mpeleke mahali salama, mpeleke hospitali, na msindikize Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukiona aibu kwa sababu bwana harusi ni rafiki yako, kumbuka ulisaini kwa ajili ya wote wawili.

Nguo za kukodi nani anarudisha, na nani analipia za kwetu?

La kulipia lizungumzwe siku mnayoombwa. Wapo maharusi wanaowavisha wasimamizi, wapo wanaotegemea mjivishe, na wote wako sawa mradi limesemwa. Gauni la kukodi hurudishwa na matroni siku iliyokubaliwa, na hesabu ya vipande ifanywe usiku uleule linapovuliwa: gauni, ringi, shela, taji, glovu. Kinachosahaulika zaidi ni ringi, kwa sababu huvuliwa mapema ukumbini ili bibi harusi acheze, ikaachwa nyuma ya pazia la meza kuu.